Landilodi Akinyamaza: Jinsi ya Kumkumbusha kwa Adabu



Somo letu la leo linatoka kwa kikundi kimoja cha akina mama washonaji tulichokitembelea. Walikuwa na vyerehani vinne vya miguu wakivitumia kwa nyumba ya mwenzao mmoja, mbali na barabara. Wateja walikuwa wachache, na mvua ikinyesha vitambaa vililowa. Shule zilikuwa zifunguliwe Januari, na wazazi hununua yunifomu Desemba. Kwa hiyo walipoona chumba chenye kibao cha kukodishwa pale sokoni, walinakili namba ya simu ya mwenye ploti na kumtumia ujumbe siku ya Jumatatu.

Ikafika Ijumaa na hakuna jibu. Katika mkutano, wengine walisema, "Ametudharau kwa sababu sisi ni akina mama wa kijijini." Wengine walitaka twende wote kumi na wanne nyumbani kwake. Mwekahazina naye alitaka kumtumia shilingi 2,000 kwa M-Pesa ili chumba kisichukuliwe na mtu mwingine. Tuliwaomba kwanza watusomee ule ujumbe wa Jumatatu. Ulikuwa hivi:

"Habari. Tumeona uko na chumba. Ni pesa ngapi?"

Tukawauliza: kama wewe ndiwe mwenye ploti, ungejibu nini? Hujui ni nani anaandika. Hujui anataka chumba gani, kwa kazi gani, na kuanzia lini. Hata waweza kudhani ni dalali anayechungua bei. Kumbe kunyamaza kwa mzee yule hakukuwa lazima dharau.

Kwa nini landilodi hunyamaza

Mara nyingi sababu ni ya kawaida tu. Namba ngeni hupuuzwa. Mwanzoni mwa mwezi simu ya mwenye ploti hujaa ujumbe wa kodi, na wako huzama humo. Pengine mpangaji wa zamani amesema atahama lakini bado hajatoa vitu, na mwenye ploti hataki kuahidi kitu asichokuwa nacho mkononi. Au kazi hiyo amemwachia keateka, akidhani keateka atawajibu.

Lakini kuna sababu moja inayohusu vikundi hasa. Landilodi anaogopa kukodisha kwa watu wengi. Anajiuliza, "Kodi ikichelewa, nitamshika nani? Mwenyekiti atanituma kwa katibu, katibu anitume kwa mwekahazina." Hofu hii hatawaambia. Atanyamaza tu.

Ndiyo maana kurudia ujumbe ule ule mara ya pili hakusaidii. Ujumbe wa pili unafaa kuleta kile ambacho wa kwanza ulikosa.

Tungoje siku ngapi?

Siku tatu hadi tano zatosha. Mkimkumbusha kesho yake, mtaonekana wasumbufu. Mkingoja wiki mbili, chumba kitakuwa kimeenda. Chagueni mtu mmoja tu wa kuandika, na atumie namba ile ile ya kwanza, ili ujumbe wote ukae pamoja kwenye simu ya mzee. Wakati mzuri ni jioni mapema, mtu akiwa amepumzika. Siku ya soko, asubuhi si wakati mzuri kwa mwenye ploti.

Ujumbe wenyewe

Tuliketi na akina mama wale, nao wakaandika hivi siku hiyo ya Ijumaa:

"Salamu sana Mzee. Ni mimi mwekahazina wa kikundi cha akina mama washonaji. Jumatatu tulikuandikia juu ya chumba cha tatu kwa ploti yako ya sokoni. Pengine ulikuwa na shughuli. Tungependa kukikodi kuanzia tarehe 1 Desemba kwa kazi ya kushona. Vyerehani ni vya miguu, havitumii stima. Kodi nitaleta mimi mwenyewe kila mwezi. Je, chumba bado kipo? Hata ukijibu ndiyo au hapana tutashukuru. Tunaomba jibu kufikia Jumatano jioni ili tujipange. Asante Mzee."

Tuangalie sehemu zake. Kwanza anajitambulisha na kukumbusha siku, bila kulaumu. Hakusema "mbona hujibu?" Alimwachia mzee njia ya heshima: pengine alikuwa na shughuli. Pili, anataja chumba kamili, tarehe na kazi. Tatu, anaondoa hofu mbili: bili ya stima na mtu wa kulipa kodi. Nne, swali ni moja tu, nalo lajibiwa kwa neno moja. Lile swali la bei aliliacha kwa makusudi, maana bei huzungumzwa vizuri zaidi mkiwa mmesimama ndani ya chumba. Mwisho kuna siku ya jibu, na hiyo si vitisho. Ni ya kuwasaidia nyinyi kujua lini mtaanza kutafuta pengine.

Ujumbe huu ni mrefu, na simu huuhesabu kama ujumbe kadhaa. Gharama hiyo ni ndogo kuliko nauli ya kwenda na kurudi bure.

Mambo yanayoharibu

Msimflashi landilodi. Yeye si mwenye shida ya chumba, hatawapigia. Mkipiga simu, pigeni mara moja mchana, asiposhika, acheni. Simu saba mfululizo hufanya namba yenu ifungwe.

Msiende kikundi kizima nyumbani kwake. Mtu mmoja au wawili wapitie kwa keateka, wamwulize kwa upole kama chumba kimeshachukuliwa, na wamwachie nakala ya cheti cha kikundi.

Na zaidi ya yote, msitume pesa ili kumfanya ajibu. Kunyamaza si kukubali. Kenya tuko na Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji wa Maduka, Hoteli na Mikahawa, Sura ya 301, inayomlinda mwenye duka asiongezewe kodi au kufukuzwa ovyo. Lakini hiyo humlinda aliyekwisha kuwa mpangaji. Aliyeuliza tu bado hana haki juu ya chumba, na namba ya kwenye kibao yaweza kuwa ya tapeli. Dipositi hulipwa baada ya kuona chumba, kukutana na mwenyewe, na kuandikiana.

Ilivyokuwa

Mzee alijibu Jumamosi jioni: mpangaji angehama mwisho wa mwezi, na waje Jumanne kuona. Walipokutana, swali lake la kwanza lilikuwa, "Yule wa kulipa kodi ni nani kati yenu?" Mwekahazina akasimama. Chumba walipata, ila mzee aliwadai dipositi ya miezi miwili, nao walikuwa na ya mmoja. Walikubaliana ilipwe kwa mafungu mawili, ikaandikwa.

Si kila mara mambo huenda hivyo. Kama Jumatano ingepita kimya, tungewashauri wasitume ujumbe wa tatu. Ukumbusho mmoja watosha. Baada ya hapo, kimya ni jibu, na kuna vyumba vingine.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Someni ujumbe wa mwisho mliomwandikia mtu akanyamaza. Ulikosa nini?
2. Katika kikundi chetu, ni nani mmoja atakayesimama mbele ya landilodi aseme, "Kodi nitaleta mimi"? Akiugua, nani atashika nafasi yake?
3. Tukikosa chumba tunachokitaka, cha pili chetu ni kipi?