Kwa nini "nguo zote" lakini "nguo nyingine"?

*Mwanangu alijaza "Nguo zingine zimeuzwa" akakosa alama. Hapa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, sote tunasema hivyo. Kosa liko wapi? Mama Vitenge*

Mama, mwanao hakubahatisha. Ametumia kiambishi cha kitenzi "zimeuzwa", nacho kinafaa kwa -ote na -enyewe: nguo zote, nguo zenyewe. Lakini katika Kiswahili sanifu -ingine hufuata sifa, kama -eusi: nguo nyeusi, nguo nyingine, duka jeusi, duka jingine, maduka meusi, maduka mengine. "Zingine" ni ya mazungumzo, na sokoni haina ubaya.

Kwenye pengo la -ingine, ajaribu -eusi kwanza. Kipimo hiki hakifai kwa ki-, vi- na mi-: tunasema kitu cheusi, ila kitu kingine, vitu vingine; miti myeusi, ila miti mingine. Akiendelea kuchanganya, amwonyeshe mwalimu sentensi zenyewe alizokosa.