Dondoo muhimu: Mzee asiyepata choo

Bibi wa miaka 82 katika makao ya wazee hajapata choo siku nne. Kagua haya:

• Dawa: Kodeini ya maumivu ya magoti na vidonge vya madini ya chuma hufunga choo. Mwulize daktari kama zinaweza kubadilishwa.

• Maji: Andika alichokunywa, si alichopelekewa. Kikombe kilichorudi kimejaa hakihesabiwi.

• Nyuzinyuzi: Ongeza papai na maharage kidogokidogo, pamoja na maji; bila maji choo huzidi kuwa kigumu.

• Mwendo: Baada ya chai ya asubuhi, msindikize chooni, akae miguu ikiwa juu ya kigoda.

• Kumbukumbu: Andika tarehe, umbo la choo, mhusika na siku ya kukagua tena.

Tahadhari: Majimaji yakimvuja, usikimbilie kusema anahara, huenda kinyesi kigumu kimeziba. Tumbo likivimba au akitapika, aonwe na daktari siku hiyohiyo.