Uume usiposimama: wasiwasi au sukari?

Kijana wa miaka ishirini na kitu uume wake ukikosa kusimama, kitu cha kwanza anachotafuta ni dawa, na dawa haikosekani: mkombero hauko mbali, na vidonge viko kwenye chemisti za Nakuru mjini. Kijitabu hiki kinashikilia kwamba kabla ya dawa kuna maswali mawili na kipimo kimoja. Maswali hutenganisha wasiwasi na ugonjwa wa mwili. Kipimo ni cha sukari kwenye damu, na kisirukwe hata kama majibu ya maswali yanaelekea kwenye wasiwasi.

Swali la kwanza ni la alfajiri. Uume wa mwanamume mwenye afya husimama mara tatu hadi tano kila usiku akiwa usingizini, bila yeye kutamani chochote, na ule anaoamka nao huwa ni wa mwisho. Usingizini hakuna anayemwogopa. Kwa hiyo kijana anayeamka hivyo mara kwa mara, au anayeweza akiwa peke yake lakini akashindwa mbele ya mkewe, mishipa yake ya damu na ya fahamu bado inafanya kazi. Kinachomkwamisha ni hofu: mwili ukiogopa humwaga adrenalini, nayo huzuia mishipa ya uume kulegea ili damu ijae. Akishindwa leo, kesho analala akijichunguza, na kule kujichunguza kunamwangusha tena. Swali la pili ni tatizo lilianzaje. La wasiwasi mara nyingi huja ghafla, likifuata jambo linalotajika, kama ndoa mpya, deni au shinikizo la kupata mtoto. La mwili huingia polepole kwa miezi, humkuta mtu katika kila hali, na alfajiri nayo hukauka. Pombe nyingi, sigara na baadhi ya dawa za presha au za msongo wa mawazo nazo huchangia. Anayezitumia dawa hizo asiziache kabla ya kuongea na daktari.

Wapo watakaosema: kama anaamka vizuri, basi ni wasiwasi, pesa za kipimo za nini? Hoja hiyo ina nguvu, maana kwa vijana wengi ni wasiwasi kweli. Lakini sukari iliyozidi huharibu utando wa ndani wa mishipa ya damu na kudhoofisha mishipa ya fahamu kidogo kidogo, na mwanzoni alfajiri inaweza kubaki kama kawaida. Tena mambo haya mawili hukutana: mwili ukipungua nguvu kidogo tu, hofu humalizia kazi. Wengine watauliza kijana mwembamba, mwenye kulima kutwa, atapataje kisukari. Iko aina inayowashika hasa watoto na vijana, wembamba kabisa, na hao hupungua kilo wakiwa wanakula. Na mwenye kusema kidonge kilimfaa, hivyo hana ugonjwa, hajathibitisha kitu. Kidonge hicho husaidia wenye hofu na wenye kisukari pia. Anayetumia dawa za moyo za naitreti asikiguse kamwe, kwani presha yake inaweza kushuka hadi kuua.

Tuchukue mfano wa mkulima wa viazi wa miaka 27. Tatizo lilianza wiki chache baada ya harusi, na alfajiri yake ni nzuri. Kila dalili ni ya wasiwasi, ila siku hizi anaamka mara mbili usiku kukojoa. Anakula chakula cha jioni saa mbili, kisha hanywi ila maji mpaka apimwe kesho yake asubuhi. Hata chai ya maziwa baada ya kukamua inaharibu kipimo. Mashine ya kidole ikionyesha chini ya 6.1, sukari si ya kulaumiwa, na sasa yeye na mkewe wanaweza kuishughulikia hofu bila shaka nyuma yake: wakubaliane kwa wiki kadhaa kushikana na kubembelezana tu, tendo lenyewe likiwekwa kando, ili ule mtihani uishe. Kati ya 6.1 na 6.9 bado si kisukari, lakini apime tena kila mwaka. Yeye amepata 8.1. Namba hiyo ya kidole haitoshi kumpa mtu ugonjwa wa maisha, kwa hiyo anarudia siku nyingine kwa damu ya mshipa kwenye maabara, na ikifika 7.0 au zaidi hapo ndipo matibabu huanza.

Kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara na kukonda havisubiri kufunga. Damu ipimwe siku hiyo hiyo, saa yoyote. Vikiandamana na kutapika, kuhema kwa nguvu au usingizi usio wa kawaida, apelekwe hospitali usiku huo huo.