Wateja Wanaoondoka: Jinsi ya Kuwahesabu na Kusoma Sababu Zao
Kijitabu cha elimu kwa wafanyabiashara wadogo na wanafunzi wa masoko

1. Idadi inayopanda inaweza kuficha mengi

Tuchukue mfano tuliouandaa kwa ajili ya zoezi. Mtoa huduma ya intaneti ya nyumbani katika mji wa wastani alianza Januari akiwa na wateja 800 wanaolipia kifurushi kila mwezi. Kufikia mwisho wa Machi alikuwa na wateja 896. Akitazama namba hizo mbili peke yake ataona ongezeko la asilimia 12, na huenda akawapongeza mawakala wake wa mauzo. Lakini daftari lake linaonyesha kwamba katika miezi hiyo mitatu walijiunga watu 200 na wakaondoka 104. Kwa kila wateja wawili aliowaingiza, alipoteza zaidi ya mmoja. Hoja ya kijitabu hiki ni kwamba kiwango cha kuondoka kwa wateja kina maana pale tu mwenye biashara anapokuwa ameamua nani ni mteja, nani amehesabika kuwa ameondoka, na walioondoka ni wa kundi gani. Asilimia moja iliyochanganya watu wote haimwonyeshi pa kuanzia.

2. Kwanza amua nani ameondoka

Kwa huduma ya mkataba jambo hili ni rahisi, kwa sababu mteja huandika barua au mkataba huisha. Kwa huduma ya kulipia kabla, mteja haagi. Kifurushi kinaisha, halipi, na hakuna anayejua kama amesafiri, amekwama kifedha au tayari amefungiwa intaneti ya kampuni nyingine. Kwa hiyo lazima uwekwe ukomo wa siku. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa mfano, huhesabu laini ya simu kuwa hai iwapo imetumika angalau mara moja katika miezi mitatu iliyopita. Ukomo huo unafaa kwa takwimu za nchi nzima, lakini mtu mwenye laini mbili anaweza kubakiza moja ikiwa hai kwa kupokea simu chache tu huku fedha zake zote zikienda kwenye laini ya pili. Laini inahesabika, ilhali mteja ameshahama.

Biashara yako itafute ukomo wake katika kumbukumbu zake yenyewe. Katika mfano wetu, mtoa huduma alichukua wateja 100 walioacha kulipa mwaka uliotangulia akaangalia waliorudi. Kati yao 38 walirudi ndani ya siku 30, 15 wakarudi kati ya siku ya 31 na ya 60, na baada ya hapo walirudi 3 tu. Ukomo wa siku 30 ungewahesabu kuwa wameondoka watu wengi waliochelewa tu, na ukomo wa siku 90 ungemchelewesha bila faida kubwa. Siku 60 ndiyo chaguo la busara kwake. Tarehe ya kuondoka iandikwe kuwa siku kifurushi cha mwisho kilipoisha, si siku ya 60. Maana yake ni kwamba hesabu ya Januari hadi Machi haiwezi kufungwa Aprili mosi. Itafungwa mwishoni mwa Mei, na yeyote anayeileta mapema ataleta kiwango kidogo kuliko ukweli.

3. Hesabu yenyewe, na mahali inapokosewa

Kanuni ni fupi. Chukua wateja waliokuwapo mwanzoni mwa kipindi, hesabu ni wangapi kati yao hao hao walioondoka kabla ya kipindi kuisha, gawanya idadi ya pili kwa ya kwanza, kisha zidisha kwa 100. Katika mfano wetu, kati ya wale 104 walioondoka, 64 walikuwa wateja wa zamani na 40 walikuwa wapya waliojiunga katika miezi hiyo hiyo. Kwa hiyo kiwango cha wateja wa zamani ni 64 ÷ 800 × 100, yaani asilimia 8.

Wengi huandika 104 ÷ 800 na kupata asilimia 13. Hapo juu ya mstari wamewaweka watu ambao chini ya mstari hawamo, kwa kuwa wale 40 hawakuwa wateja Januari mosi. Kosa hilo hilo hujificha katika kanuni maarufu ya kiwango cha kubaki, inayosema chukua wateja wa mwisho, toa wapya, gawanya kwa wa mwanzo. Ukitoa wapya wote 200 kwenye 896 unabaki na 696, na jibu ni asilimia 87. Lakini kati ya wapya 200 waliokuwapo mwishoni ni 160 tu, hivyo kinachopaswa kutolewa ni 160. Jibu sahihi ni 736 ÷ 800, yaani asilimia 92, ambayo inakubaliana na ile 8 tuliyoipata. Jumla ya viwango hivyo viwili isipofika 100, kuna kundi limechanganywa mahali fulani.

Wapya wapewe hesabu yao: 40 ÷ 200 ni asilimia 20. Kiwango hiki ni kizito kuliko kinavyoonekana, kwa sababu aliyejiunga Machi hakuwa na miezi mitatu ya kuweza kuondoka kama aliyejiunga Januari. Njia bora zaidi ni kuwafuata waliojiunga mwezi mmoja kama kundi, na kuuliza wangapi walilipia mwezi wa pili, wa tatu na wa nne.

Kuna kosa jingine unapotaka kiwango cha mwaka. Asilimia 8 kwa miezi mitatu si asilimia 32 kwa mwaka, kwa sababu kila kipindi kinaanza na watu wachache kuliko kilichopita. Wale 800 watakuwa 736, kisha 677, kisha 623, na mwishoni 573. Waliopotea ni 227, yaani asilimia 28. Hesabu hii nayo inadhani kwamba kasi haibadiliki, jambo linalopaswa kuthibitishwa kila baada ya miezi mitatu.

4. Kutoka kwenye kiwango hadi kwenye sababu

Kiwango kinasema ni wangapi wameondoka na kinanyamaza kuhusu sababu. Kishawishi cha kwanza huwa ni kuwapigia simu walioondoka na kuwauliza. Inafaa kufanya hivyo, lakini jibu la "bei" lipokewe kwa tahadhari, kwa kuwa ndilo jibu la heshima, lisilomlaumu mtu na linalomaliza mazungumzo haraka. Ushahidi wenye nguvu zaidi ni kile mteja alichofanya kabla ya kuondoka.

Turudi kwa wale wapya 40. Mtoa huduma aliwagawa wapya wake wote 200 kwa jinsi walivyoingia. Watu 90 waliingia kwa ofa ya nusu bei mwezi wa kwanza iliyouzwa na mawakala wa mitaani, na 110 walikuja wenyewe ofisini kwa bei ya kawaida. Wa ofa waliondoka 29, yaani asilimia 32. Wa bei ya kawaida waliondoka 11, asilimia 10. Sababu inaonekana wazi: ofa imevuta watu wanaofuata bei tu. Lakini daftari la malalamiko linasema jingine. Kati ya wale 29, watu 17 walikuwa wamepiga simu angalau mara moja wakilalamika kwamba intaneti inakuwa nzito kati ya saa moja na saa nne usiku, na karibu wote walihudumiwa na mnara mmoja. Mawakala walikuwa wameuza sana mtaa ule bila kuuliza fundi kama mnara unahimili. Kwa watu 12 waliobaki, ambao hawakulalamika, ndipo maelezo ya bei yanapokaa vizuri.

Tofauti hii inabadilisha uamuzi. Angesimama kwenye asilimia ya jumla angeongeza punguzo, akajaza mnara ule ule na kuongeza walalamikaji. Kinachotakiwa ni kuongeza uwezo wa mnara au kusimamisha mauzo mtaa ule, na kumlipa wakala kamisheni yake mteja anapolipia mwezi wa pili.

Wateja 64 wa zamani wana sababu nyingine. Katika mfano wetu 18 walihama mji, 21 walihamia kampuni nyingine, na 25 hawakupatikana. Waliohama mji wasiwe mzigo kwa kitengo cha huduma, kwa kuwa hakuna simu ya shukrani ambayo ingewazuia. Wale 25 waandikwe "haijulikani" na wabaki hivyo. Kuwagawa kwa kukisia ni kujaza pengo kwa matarajio ya anayeandika ripoti.

5. Pingamizi tatu

Wapo wanaosema wateja huja na kuondoka, na biashara inayoongeza wengi kuliko inaowapoteza haina tatizo. Tuiweke hoja hiyo kwenye fedha. Tuseme kumfungia mteja mpya, pamoja na waya na kamisheni, ni shilingi 60,000, na faida ya mwezi kwa kila mteja ni shilingi 15,000. Mteja anarudisha gharama yake baada ya miezi minne. Kati ya wale wapya 40, watu 31 hawakulipia mwezi wa pili. Kila mmoja ameacha hasara ya shilingi 45,000, jumla shilingi 1,395,000, hata kabla ya kuhesabu nusu bei ya ofa. Biashara hiyo imelipia ukuaji ambao haupo.

Wengine huvuka upande wa pili na kutaka kila mteja azuiwe kwa gharama yoyote. Mara nyingi huwategemea Frederick Reichheld na Earl Sasser, walioandika mwaka 1990 kwamba kupunguza kuondoka kwa wateja kwa asilimia 5 kunaweza kuongeza faida kwa asilimia 25 hadi 85. Upana wa namba hizo wenyewe ni onyo, kwa kuwa matokeo yalitofautiana sana kutoka sekta moja hadi nyingine. Masoko ya uhusiano hayadai kiwango cha sifuri. Yanadai kujua ni kuondoka kupi tulikosababisha sisi wenyewe.

Pingamizi la tatu ni kwamba mfanyabiashara mdogo hana mitambo ya kufanya haya. Anahitaji safu nne kwa kila mteja: tarehe ya kujiunga, njia aliyoingilia, tarehe ya malipo ya mwisho, na malalamiko yake. Tahadhari ya kweli kwa mdogo ni udogo wa makundi yake. Wawili wakiondoka katika kumi ni asilimia 20, lakini mmoja angebaki ingekuwa 10. Hapo asome majina na tarehe za malipo, aache asilimia.

6. Kwa anayefanya zoezi hili

Andika ukomo wako wa siku juu ya ukurasa kabla ya kuandika namba yoyote, kisha tenganisha wateja wa zamani na wapya. Usilinganishe kiwango chako na cha kampuni nyingine mpaka ujue ukomo wanaotumia wao. Na usipendekeze punguzo la bei kabla hujasoma daftari la malalamiko.