Nyumbani kwangu, pangu au mwangu? Kuhusu maswali yenye majibu matatu

Katika majaribio ya Kiswahili sanifu tunayopewa, na ambayo baadhi yetu tunaanza kuyaandaa, kuna aina moja ya swali inayorudi kila mwaka:

(1) Mwalimu ameingia nyumbani ___angu.

Ufunguo wa kusahihishia huwa na jibu moja: *mwangu*, kwa kuwa kitenzi *kuingia* kinaelekea ndani. Aliyeandika *kwangu* hukosa alama. Naona kwamba kosa liko katika swali, si katika jibu.

Tuanze na kiambishi chenyewe. Nomino *nyumba* imo katika ngeli ya 9, na kivumishi chake cha kumiliki ni *yangu*. Ikipata *-ni*, inatoka katika ngeli hiyo na kuingia katika ngeli za mahali: ya 16 (*pa-*), ya 17 (*ku-*) na ya 18 (*mu-*). Lakini *-ni* haisemi ni ipi kati ya hizo tatu. Tunaijua kwa maneno yanayopatana nayo tu. *Nyumbani pangu* ni mahali mahususi. *Nyumbani kwangu* ni upande wa kwangu, makao kwa jumla. *Nyumbani mwangu* ni ndani ya jengo. Mwalimu aliyeingia anaweza kuwa ameingia katika makao yangu au ndani ya kuta zangu. Kwa hiyo sentensi (1) inakubali *kwangu* sawasawa na *mwangu*. Kitenzi peke yake hakitoshi kufunga mlango.

Kinachofunga ni neno jingine la mahali ambalo limekwisha kuonyesha ngeli, hasa kionyeshi:

(2) Humu chumbani ___ hamna taa.

Hapa *humu* na *hamna* zote zina *mu-*, na kimilikishi lazima kiwe *mwangu*. Vivyo hivyo, *kule shambani* hudai *kwao*, na *pale mlangoni* hudai *petu*.

Hata hivyo pengo lisiwekwe popote. Tukiandika «Humu chumbani ___na giza» na kutaka *mna* peke yake, tunarudi kwenye shida ileile, kwa sababu wasemaji wengi wa Kiswahili sanifu husema «humu chumbani kuna giza» bila kusita. *Kuna* imepanuka hata kushika nafasi ya *pana* na *mna*. Kimilikishi ni mahali salama zaidi pa kuweka pengo.

Sasa tuchague majibu ya kubahatisha ya sentensi (2). Napendekeza haya:

(a) yangu
(b) changu
(c) mwangu
(d) pangu

Kila jibu lisilo sahihi linatuambia jambo lake. Anayechagua *changu* anajua kwamba *chumba* ni ngeli ya 7, ila hajui kwamba *-ni* imeiondoa nomino humo. Anayechagua *pangu* anajua kwamba upatanisho ni wa mahali, lakini hakusoma *humu*. Huyu wa pili yuko mbele ya yule wa kwanza, ingawa wote wawili wanapata sifuri. *Kwangu* nimeiacha kwa makusudi, maana kuenea kwake kungezusha ubishi.

Jibu la (a) ndilo linalotuhusu zaidi hapa Lubumbashi. Katika Kiswahili chetu cha kila siku hatusemi *chumbani*. Tunasema *mu chumba*, *ku soko*, *pa meza*. Alama ya mahali inakaa mbele, na kimilikishi kinafuata nomino: *mu chumba yangu*, kwa *ya-* ambayo imeenea katika ngeli nyingi. Mwanafunzi anayeandika *chumbani yangu* amebadilisha nusu ya muundo: ameondoa *mu* na kuweka *-ni*, lakini kimilikishi amekiacha kilipokuwa. Maana za *pa*, *ku* na *mu* anazo tayari tangu utotoni. Husema *mu nyumba muko batu* bila kufundishwa. Kumwambia kwamba hajui mahali ni kumfundisha asichokosa. Anachohitaji ni sheria moja: ukihamisha alama kutoka mbele kwenda nyuma, upatanisho nao unahama.

Sheria hiyo inapimwa vizuri kwa kutumia *katika*, ambayo katika sarufi sanifu haiandamani na *-ni*. Mpe mwanafunzi «katika chumba changu» aiandike upya kwa *-ni*, ukimtangulizia *humu*. Akiandika «humu chumbani mwangu», ameelewa. Akiandika «humu chumbani changu», somo la upatanisho bado. Akiandika «katika chumbani», ameweka alama mbili pahali pa moja.

Kabla ya kutoa swali la namna hii, basi, andaaji ajaze pengo mwenyewe kwa *p-*, *kw-* na *mw-*, kisha asome sentensi zote tatu kwa sauti. Zikisimama mbili, aongeze kionyeshi au akubali majibu yote mawili katika ufunguo wake.