Ukivuta Kibo kwa Vidole, Kinachokuja Si Kibo

Wiki hii nimepata ujumbe wa binti wa Uru. Anasema kila asubuhi Kibo inamtokea juu ya migomba ya nyumbani kwao, nyeupe na safi. Akiipiga picha kawaida inakuwa ndogo kule juu. Akiivuta kwa vidole inakuwa kubwa lakini yenye ukungu, kama imepakwa rangi ya maji. Anauliza, "Dada, simu yangu ni mbovu?"

Hapana, mdogo wangu. Simu yako imekupa ilichokuwa nacho.

Ukitanua vidole kwenye kioo, hakuna lenzi inayosogea. Simu inakata kipande cha katikati ya picha, inatupa pembeni, kisha inatanua kipande hicho kijaze picha nzima. Chukua picha ya pikseli milioni 12, yaani 4000 kwa 3000. Ukivuta mara mbili, upana unabaki nusu na urefu nusu, kwa hiyo umebaki na robo, yaani milioni 3. Ukivuta mara nne, unabaki na 1000 kwa 750, ambazo ni laki saba na nusu tu. Simu bado inakutolea picha ya milioni 12, kwa hiyo katika kila pikseli 16, moja tu ndiyo iliyoonwa na kamera. Nyingine 15 imezikisia kwa kuangalia majirani zake. Ni kama mtori wa mtu mmoja ukiongezwa maji ushibishe watu 16: bakuli zinajaa, ladha haipo. Kisha simu inafuta chenga, na mistari ya miamba inafutika pamoja nazo.

Sasa tufanyeje?

Kwanza, jua lenzi zako. Tazama namba zilizo chini ya kioo unapopiga: 1x, 2x, 3x. Gusa 3x, kisha ziba kwa kidole lenzi za nyuma, moja baada ya nyingine. Ukiziba lenzi kuu picha ikabaki, ujue kuna lenzi nyingine ya mbali inayofanya kazi, na hapo picha itatoka kali. Picha ikiwa giza, basi simu inakata tu kutoka lenzi kuu. Jaribio hili lifanye mchana, ukilenga kitu cha mbali, kwa sababu kwenye mwanga hafifu au kitu kikiwa karibu simu nyingi huiacha lenzi ya mbali kimyakimya na kurudi lenzi kuu. Ndiyo maana picha ya komunyo iliyovutwa kutoka viti vya nyuma kanisani hutoka laini hata kwenye simu ya bei. Huko dawa ni kusogea mbele kwa miguu.

Kibo huwezi kuisogelea, kwa hiyo chagua saa. Amka saa 12 na nusu asubuhi. Jua likipanda, ardhi inapata joto, hewa inachezacheza, na mawingu yanapanda kufunika mlima. Mchezo huo wa hewa nao unakuzwa pamoja na mlima, na hakuna lenzi inayouondoa.

Kabla ya kupiga, futa lenzi kwa kitambaa laini, maana mafuta ya vidole yanatosha kuifanya theluji itoe mng'ao wa maziwa. Kisha egemeza simu kwenye ukuta au nguzo ya uzio, na uweke saa ya sekunde 3 ili usiitikise unapobonyeza. Mtikisiko ambao hauonekani kwenye 1x, kwenye 4x umekuzwa mara nne. Gusa theluji kwenye kioo, kisha punguza mwanga kidogo mpaka uone mikunjo ya barafu. Ikiwa nyeupe tupu, hakuna cha kuona hata ukivuta.

Kama huna lenzi ya mbali, ishia 2x. Piga picha tano, fungua kila moja, tazama ukingo wa theluji na mwamba, ubaki na iliyo kali. Ukitaka kusafisha picha ya ukutani, kumbuka hesabu yetu: kipande cha 2x kinatosha karatasi ya sentimita 17 kwa 13 hivi ikiwa safi kabisa, cha 4x kinatosha nusu ya upana huo tu.

Na ukimtumia shangazi aliye mbali kwa WhatsApp, chagua HD au itume kama faili, kwa sababu njia ya kawaida inaipunguza picha tena.

Kwa hiyo binti wa Uru, kesho asubuhi usikazane na vidole. Piga 2x ukiegemea nguzo, uache na migomba yenu ionekane chini ya Kibo.