Bajeti ya Ziada ya Kaunti: Fedha za Nyongeza Hutoka Wapi?

Bajeti ya ziada ni nini, na sheria ya Kenya inairuhusu lini?

Ni makadirio yanayowasilishwa katikati ya mwaka wa fedha, ambao huanza tarehe 1 Julai, ili kurekebisha bajeti iliyokwisha kupitishwa. Kifungu cha 135 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 huruhusu serikali ya kaunti kutumia fedha ambazo hazikuidhinishwa, iwapo kiasi kilichotengwa hakitoshi au limezuka hitaji ambalo halikutengewa chochote, mradi idhini ya bunge la kaunti iombwe ndani ya miezi miwili tangu fedha za kwanza zitolewe. Matumizi hayo hayapaswi kuzidi asilimia 10 ya fedha zilizoidhinishwa kwa mwaka huo, isipokuwa bunge hilo, kwa sababu maalumu, limekubali kiwango cha juu zaidi.

Chanzo cha fedha huonyeshwaje?

Ichukuliwe kaunti ya kubuni yenye bajeti ya shilingi bilioni 8, ambayo mafuriko ya Novemba yamebomoa madaraja yake, na ukarabati unahitaji milioni 200. Pendekezo lake linaweza kutaja milioni 70 za salio la mwaka uliopita, yaani fedha zilizobaki benki bila kudaiwa na mtu, milioni 50 zilizopunguzwa katika safari na semina, na milioni 80 za soko ambalo zabuni yake haijatangazwa. Jumla ya vyanzo hivyo inalingana na hitaji, na kila fungu lililopunguzwa huonyeshwa kiasi chake cha awali, punguzo lenyewe na kinachosalia.

Kwa nini mradi ambao haujatangazwa zabuni?

Kwa sababu mkataba ukishatiwa saini, kufuta fungu lake katika bajeti hakufuti deni, kwa kuwa mkandarasi aliyekwisha kufanya kazi ataendelea kuidai kaunti malipo yake.

Je, kaunti haiwezi kuongeza tu makadirio ya mapato yake?

Inaweza, lakini hapa ndipo udanganyifu hujificha, kwani mapato yakipandishwa kwenye karatasi ili jumla zilingane, huku makusanyo halisi yakisuasua, kazi hutolewa bila fedha za kuilipia. Mkaguzi makini hulinganisha makusanyo ya Julai hadi Desemba na yale ya kipindi kama hicho mwaka uliotangulia. Hatosheki kugawanya lengo la mwaka kwa mbili, maana ada za leseni za biashara na kodi za ardhi hulipwa kwa wingi katika miezi ya kwanza ya mwaka wa kalenda. Iwapo makusanyo hayo hayajaongezeka, wala hakuna chanzo kipya kinachotajwa, nyongeza hiyo ikataliwe, kwa kuwa madaraja yatakayojengwa kwayo yatakuwa deni la mwaka ujao.